Mizani za Njia ya Rusumo

Oktoba 2013 malori yalipanga foleni ndefu kwenye mizani ya Kibaha, na madereva wakalala chini ya matrela yao. John Magufuli, akiwa Waziri wa Ujenzi, alikuwa ameondoa nafuu ya asilimia 5 ambayo kwa miaka kadhaa iliruhusu gari lililozidi kidogo kupita bila kutozwa. Wenye malori waligoma, wenye mabasi nao wakasimamisha magari yao, hadi Waziri Mkuu Mizengo Pinda alipoagiza utaratibu wa awali urudi kwa muda.

Magufuli hakuwa akipigania jambo dogo. Majaribio yaliyofanywa Marekani kati ya 1958 na 1960 yalionyesha kwamba uharibifu wa lami hupanda kwa kasi kubwa kuliko uzito wenyewe. Ekseli iliyoruhusiwa tani 10 ikibebeshwa 12 huiumiza barabara takribani mara mbili. Lakini wasafirishaji nao walikuwa na hoja. Kutoka Dar es Salaam hadi Rusumo ni kama kilomita 1,300, na wakati huo lori liliweza kupimwa mara nane njiani. Mzigo ni uleule na lakiri ni ileile, ila kila kituo kilikuwa na foleni yake.

Tuchukue lori la ekseli sita lenye kontena la Kigali. Ekseli ya usukani inaruhusiwa tani 8, mbili za kichwa kwa pamoja tani 18, na tatu za trela tani 24, jumla 50. Likipimwa likakutwa na tani 49.2, mwenye mzigo hudhani mambo yamekwisha. Kumbe ekseli za kichwa zina tani 19.2. Hata ukiongeza asilimia 5, mwisho wake ni 18.9, kwa hiyo gari limekamatwa. Dawa ni kusogeza mzigo nyuma, lakini kontena la kwenda nje limefungwa lakiri, na dereva haruhusiwi kuligusa bila watu wa forodha. Hapo siku nzima inaweza kupotea kwa kilo 300.

Kilo hizo hupatikana kwa urahisi mno. Lita 400 za dizeli zina uzito unaozidi kilo 330, na sehemu kubwa yake huangukia kichwa. Ndiyo maana dereva mzoefu anayejua mzigo wake uko ukingoni hajazi tangi kabla ya mizani. Huweka mafuta ya kumfikisha, akajaza akishavuka. Turubai lililonyeshewa na tope la masika navyo huhesabika.

Nafuu kubwa ilikuja pale malori ya kwenda nje yalipopangiwa mizani tatu badala ya nane: Vigwaza, Njuki mkoani Singida, na Nyakahura karibu na mpaka. Vigwaza ikawekewa mitambo ya kupima gari likiwa kwenye mwendo, hivyo lisilotiliwa shaka halikai foleni ya mizani kubwa. Daraja jipya la Rusumo lilizinduliwa Aprili 2016, na mwaka 2019 Tanzania ikaanza kutumia sheria ya Afrika Mashariki ya uzito wa magari, yenye kikomo cha juu kabisa cha tani 56.

Polisi ni hesabu nyingine. Mizani unajua iko wapi, trafiki hujui. Ukiingia kijijini ni kilomita 50 kwa saa, na tochi huweza kuwa nyuma ya mwembe wowote. Anayetaka kufidia saa alizopoteza mizani huzifidia hapo, na ndipo hukamatwa. Kwa mabasi shinikizo lilikuwa kali zaidi, kwa sababu tangu miaka ya 1990 yalikatazwa kutembea usiku kucha. Basi la Bukoba lililochelewa lililala njiani, mara nyingi Kahama, pamoja na wagonjwa na watoto. Zuio hilo liliondolewa Oktoba 2023.

Kusimamishwa mizani na mipakani ndiko pia humfanya mfanyabiashara wa Kigali achague bandari. Njia ya Mombasa ni ndefu zaidi na ina mipaka miwili, Malaba na Katuna. Ya Dar ina mmoja. Rwanda ilipofunga Katuna kuanzia Februari 2019 hadi Januari 2022, tofauti hiyo ilionekana wazi kabisa.

Bado adhabu inamwangukia asiyepakia. Dereva hukabidhiwa kontena lililofungwa, kisha huulizwa Vigwaza kwa nini limeelemea mbele. Tanroads na bandari waafikiane: kila lori lipimwe ekseli kwa ekseli kabla ya kutoka getini Kurasini, mahali ambapo mzigo bado unaweza kusogezwa na aliyeupakia bado yupo.