Jema ni jema kwa sababu Mungu ameliamuru?

Tukiulizwa kwa nini wizi ni ubaya, tunajibu upesi: «Mungu ameukataza.» Lakini Sokrate, katika kitabu cha Platone kiitwacho Eutifrone, aliuliza: utakatifu unapendwa na miungu kwa sababu ni utakatifu, ama ni utakatifu kwa sababu wanaupenda?

Tukisema ni amri tu, basi Mungu akiamuru wizi, wizi utakuwa wema. Wiliamu wa Okamu, Mfransisko wa karne ya 14, hakuogopa kusema hivyo. Tukisema kinyume, sheria inakuwa juu ya Mungu.

Mfransisko mwingine, Padri Plasidi Tempels, alifika Kongo mwaka wa 1933, akaanzisha Jamaa kule Kolwezi, karibu na Nzilo. Katika kitabu chake cha 1945 juu ya filosofia ya Wabantu, aliandika kwamba kwa Baluba ubaya ni kupunguza nguvu ya uzima wa mwenzako, nao uzima hutoka kwa Mungu. Mwizi hachukui mali tu, anamjeruhi mwenyewe. Basi sheria haiko juu ya Mungu, wala si amri ya hivi hivi: Muumba ameiweka ndani ya viumbe vyake. Mtakatifu Toma naye alifundisha kwamba haki hufuata hekima ya Mungu, si mapenzi matupu.

Lakini kipimo hiki chaweza kupotoka. Mtoto akifa, watu huuliza nani amepunguza uzima wake, na mzee asiye na kosa anaitwa mlozi. Alama ya kosa ni hii: uzima wa mzee nao unavunjwa. Hapo amri ya kutoshuhudia uwongo inamlinda.