Mhola: sauti inayotembea na dada yake

Asubuhi pale mwalo wa Kirumba, kabla bei ya dagaa haijatajwa, lazima salamu zikamilike. "Mwangaluka, mayu." "Mwangaluka. Mhola?" "Mhola duhu." Ukikaa Mwanza wiki moja tu, hata kama hukuzaliwa Usukumani, maneno haya yatakuwa mdomoni mwako. Lakini sikiliza jinsi mgeni anavyoitamka mhola: m-ho-la, silabi tatu, kama anavyosema m-he-shi-mi-wa. Msukuma ana silabi mbili: mho-la. Kwake mh si m ikifuatwa na h. Ni konsonanti moja, m iliyobeba pumzi. Weka kioo kidogo chini ya pua ya msemaji, kitafifia kwa mvuke. Weka kidole kwenye zoloto lake, utahisi mtetemo ukilegea wakati pumzi inapotoka. Sauti za ukoo huu unaziona pia kwenye majina ya mahali: Mhandu, kata ya jijini, na Ng'haya kule Magu. Mwanafonetiki Ian Maddieson aliandika makala juu ya sauti hizi mwaka 1991, akaziita nazali zenye mpumuo.

Sasa rudi kwenye ile salamu. Imeanza na Mwangaluka na mayu, zenye m ya kawaida, isiyo na pumzi. Kisukuma kina m na mh. Kina n ya kawaida kwenye numba, yaani nyumba, na kina nh. Kina ng' kwenye ng'ombe, na kina ng'h. Kila yenye pumzi ina dada yake asiye na pumzi, na hilo si la Kisukuma peke yake. Lugha yenye nazali ya pumzi au nazali sighuna huwa na nazali ghuna ya mahali pale pale pa matamshi. Kinyume chake si lazima: Kiswahili sanifu kina m, n, ny na ng', wala hakina mh ya Kisukuma.

Kauli ya namna hii, "ukikuta hiki, kile nacho kipo", ndiyo inayohitaji jina la Kiswahili. Roman Jakobson aliijenga hoja yake juu ya kauli kama hizi katika kitabu cha mwaka 1941 kuhusu lugha ya watoto, na Joseph Greenberg, yule yule aliyeziainisha lugha za Afrika, akaifanya kuwa njia ya utafiti katika juzuu aliyoihariri mwaka 1963.

Kwa Kiingereza ni implicational universal, na katika jina la Kiswahili neno la kwanza, la universal, halina shida. Tunasema sarufi majumui, na wengine husema sarufi bia. Mimi nachukua majumui, kwa sababu msomaji anaiona jumla ndani yake. Shida iko kwenye neno la pili. Dokezi halifai, kwa kuwa kudokeza ni kuashiria kwa mbali, na hapa hakuna anayemdokezea mtu. Masharti yamekwisha kuchukuliwa na -nge- na -ngali-. Nashika tegemezi. Kila aliyepita kidato cha tatu anajua kishazi tegemezi: hakisimami peke yake, ilhali kishazi huru kinasimama bila hicho. Uhusiano wa mh na m ni huo huo. Basi majumui tegemezi: mh ni kitegemezi, m ni kitegemewa. Uzuri wa neno hili ni kwamba linabeba upande mmoja tu, maana kosa la kawaida la wanafunzi ni kuigeuza kauli na kudai kwamba lugha yenye m itakuwa na mh.

Ili kuijaribu kauli, chora visanduku vinne. Chenye vyote viwili, ingia Kisukuma. Chenye m bila mh, ingia Kiswahili sanifu na lugha nyingi mno duniani. Chenye kutokuwa na nazali yoyote si kitupu: Kiquileute cha pwani ya magharibi ya Marekani kimeishi bila m wala n ya kawaida. Sanduku la nne, mh bila m, ndilo tupu, na utupu huo ndio habari yenyewe. Angalia kwamba sanduku la tatu lina kazi kubwa. Kama kila lugha ingekuwa na m, basi kusema "mh hudai m" kusingeongeza neno.

Kwa nini iwe hivyo? Kwa Kisukuma tunaijua njia. Mh, nh na ng'h zilizaliwa na mp, nt na nk za zamani: kipasuo kilififia, ikabaki pumzi yake juu ya nazali. Naiona mhola kuwa jamaa wa pole na poa zetu. Lugha iliyokuwa na mp ilikuwa tayari na m kwingineko, kwa hiyo dada mkubwa alikuwepo kabla. Sababu nyingine iko sikioni. Nazali hutambulika kwa mtetemo unaolia puani. Ukiuondoa, inabaki pumzi tu, na pumzi ya m na ya n hukaribiana kufanana. Lugha haianzi na sauti ngumu kusikika wakati iliyo nyepesi ipo.

Mfano unaotajwa zaidi vitabuni ni mwingine: vipasuo vinavyotamkwa nyuzi sauti zikiwa zimefungwa. Mdomo unafunga, nyuzi sauti zinafunga, zoloto linapanda na kuibana hewa iliyonaswa katikati, kisha mdomo unaachia kwa mlio mkali. Husemwa kwamba lugha yenye vipasuo hivi huwa pia na vile vya kawaida. Ni kweli, lakini kumbuka visanduku: kila lugha inayojulikana ina vipasuo vya kawaida, hivyo kauli ikisemwa kwa jumla namna hii haijapimwa na chochote. Inaanza kupimwa pale tunaposema sauti kwa sauti: t ya koo lililofungwa hudai t ya kawaida, k hudai k.

Na hapo jirani yetu wa mashariki anasimama njiani. Muiraqw wa Mbulu huhesabu hivi: wak, tsar, tam, tsiyahh, koo'an. Ts ya tsar na ya tsiyahh hutamkwa koo likiwa limefungwa, na ndivyo ilivyo tl ya tleer, "refu". T ya kawaida ipo kwenye tam, k kwenye wak na koo'an. Lakini ts ya kawaida, isiyofunga koo, haimo katika Kiiraqw, wala tl yake. Vitegemezi viwili vinasimama bila vitegemewa vya mahali pale pale.

Kwa hiyo katika ingizo la kamusi ningeandika maana mbili. Majumui tegemezi thabiti ni yale ambayo sanduku lake la nne ni tupu katika lugha zote zilizochunguzwa; ya nazali naiweka humo. Mwelekeo tegemezi ni ule ambao sanduku lina wakazi wachache, na kwa vipasuo-kwamizi vya koo lililofungwa mkazi wa kwanza kutajwa awe Kiiraqw. Anayeandika "kwa kawaida" badala ya "daima" anapaswa pia kumtaja aliyeivunja kanuni, pamoja na neno lake moja: tsar.