Fimbo Iliyochukua Nafasi ya Mizani

Nilipoanza kusoma historia ya tiba, nilidhani habari ya ugonjwa wa vikope ni fupi: dawa ilipatikana, watu wakaimeza, wakapona. Baadaye nikatambua kwamba kati ya dawa na mdomo wa mtoto palikuwa na swali ambalo halikuwa rahisi hata kidogo: mtoto huyu apewe kiasi gani? Katika insha hii nitaeleza jinsi swali hilo lilivyojibiwa.

Vikope, au trakoma, huletwa na bakteria anayehama jicho hadi jicho kwa vidole, vitambaa vya kufutia uso na nzi. Wanaombeba zaidi ni watoto wadogo. Mtu akiambukizwa tena na tena kwa miaka mingi, ukope wake hupata makovu ndani, hujikunja, na nywele zake hukwaruza jicho mpaka linapofuka.

Kwa muda mrefu tiba ilikuwa dawa ya kupaka ya tetrasaiklini, mara mbili kwa siku kwa wiki sita. Maana yake ni kumpaka mtoto mmoja mara 84, naye analia na haoni vizuri kila baada ya kupakwa. Haishangazi kwamba wengi waliacha njiani. Mwaka 1993 ulichapishwa utafiti wa Gambia uliolinganisha dawa hiyo na dozi moja tu ya azithromaisini ya kumeza, na matokeo hayakupishana sana. Azithromaisini hukaa mwilini kwa siku kadhaa, ndiyo sababu dozi moja hutosha. Mwaka 1998 kampuni ya Pfizer na wakfu wa Edna McConnell Clark walianzisha mpango wa kimataifa wa kugawa dawa hiyo bure, na Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi za kwanza kuipokea.

Hapo ndipo swali la kipimo lilipojitokeza. Mtu mzima hupewa gramu 1, yaani vidonge 4 vya miligramu 250. Mtoto hupewa miligramu 20 kwa kila kilo ya uzito wake. Lakini kupima kijiji kizima kunataka mizani iliyo sahihi, mahali tambarare, na mtu wa kupiga hesabu huku foleni ikizidi kurefuka. Wengine wangesema tutumie umri. Umri nao una matatizo mawili: wazazi wengi hawana tarehe kamili ya kuzaliwa, na watoto wa umri mmoja hawalingani. Tuchukue watoto wawili wa miaka mitano, mmoja wa kilo 14 na mwingine wa kilo 18. Wa kwanza anahitaji miligramu 280, wa pili 360. Dawa ya maji ikiwa na miligramu 40 katika kila mililita, hizo ni mililita 7 na mililita 9. Tukiwapa wote 7 kwa sababu ya umri, wa pili anapunjwa, na vijidudu vinaweza kubaki.

Urefu unakaribia uzito kuliko umri unavyoukaribia. Katika miaka ya mwanzo ya 2000 watafiti, akiwemo daktari wa macho wa Tanzania Peter Kilima, walichapisha ushahidi kwamba urefu unaweza kushika nafasi ya mizani. Fimbo ikatiwa alama, na kila alama ikawa na kiasi chake cha dawa. Mgawaji anamsimamisha mtoto, anasoma alama, anamimina. Mtoto aliyekonda sana atapata dawa kupita kidogo uzito wake, lakini dawa hii huvumilika, na kupunjwa ndiko kunakoogopwa zaidi. Kosa huingia mtoto anapokunja magoti au fimbo inaposimamishwa shimoni. Aliye chini ya sentimita 120 hupewa dawa ya maji, kwa kuwa kidonge kinaweza kumkaba, na hapaswi kunyweshwa kwa nguvu.

Je, ilifaa? Katika kijiji cha Kahe Mpya, wilaya ya Rombo, wakazi 956 kati ya 978 walitibiwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2004 ulionyesha kwamba maambukizi yalishuka kutoka asilimia 9.5 hadi 2.1 baada ya miezi miwili, na 0.1 baada ya miaka miwili. Lakini kuna jambo lililonifanya nisome ukurasa ule mara mbili. Zaidi ya sehemu tisa kwa kumi za vijidudu vilivyobaki zilikuwa kwa watu ambao walikutwa na maambukizi katika kipimo kilichotangulia.

Hadi leo mtoto aliye chini ya miezi sita haendi kwenye fimbo. Mama yake hupewa tyubu ya tetrasaiklini, na zile mara 84 zinaanza upya nyumbani, bila mgawaji wa kuzihesabu.