Kidole cha Kati: Kadhia ya Sauti ya Tatu

Imeenea katika madarasa ya muziki, na katika mazungumzo ya walimu wa kwaya, kauli ya kwamba kodi ya do, mi na so, yaani zile sauti tatu zinazopigwa kwa pamoja zikasikika kama sauti moja iliyonona, ni amri ya maumbile yenyewe, na kwamba muziki usiojengwa juu yake ni muziki uliobakia utotoni. Kauli hii nimeisikia tangu ujanani, na sijapata kuona ikitolewa bila ya mwenye kuitoa kuitupia jicho taarabu yetu ya Unguja, iliyolelewa kwa udi, ganuni na fidla, ambayo kwa mizani hiyo huhesabiwa kuwa na upungufu. Nami naona kwamba waisemao kauli hii wamechukua nusu ya ukweli wakaiacha nusu ya pili katika kitabu kilichoandikwa na Abu Nasr Al-Farabi, aliyefariki Damasko mwaka 950, kitabu ambacho wengi hulitaja jina lake na wachache huifikia milango yake inayohusu vidole vya mpiga udi.

Kabla ya kumfikia Al-Farabi, na tuuchukue uzi mmoja wenye urefu wa sentimita 54, uliokazwa hata ukawa unatetema mara 200 kwa sekunde. Uzi huo ukipigwa hautoi sauti moja, ijapokuwa sikio huidhani moja; hutetema mzima, na wakati huo huo hutetema kwa nusu zake, na kwa theluthi zake, na kwa robo zake, na kwa khumusi zake, ukatoa juu ya ile sauti ya 200 sauti nyembamba za 400, 600, 800 na 1000, zilizofunikwa na sauti ya chini kama rangi zilivyofunikwa katika nuru ya jua. Sasa weka kidole pale panapobakisha sentimita 36, na uzi utalia 300. Weka tena panapobakisha sentimita 43.2, nao utalia 250. Sauti ya tatu ya juu katika ile 200 ni 600, na ya pili katika ile 300 ni 600 hiyo hiyo; na ya tano katika 200 ni 1000, na ya nne katika 250 ni 1000. Zikipigwa pamoja, 200, 250 na 300, sauti zao za juu huangukiana, hazigombani, na sikio hupokea kitu kimoja kilichotulia. Hiyo ndiyo kodi, na hiyo ndiyo sababu ya utamu wake.

Zikikosa kuangukiana, mambo hubadilika. Tuseme ile 250 imepandishwa kidogo ikawa 252; sauti yake ya nne itakuwa 1008, ikae kando ya ile 1000, na baina yao patatokea kupwitapwita mara nane kila sekunde, mithili ya taa inayopepewa na upepo. Afungaye nyuzi za ganuni anaijua sana hali hii, maana ndiyo inayomwongoza: huzungusha ufunguo polepole, mpwito ukawa unapungua mbio, ukawa mzito, hata ukasimama kabisa, na hapo akajua kwamba nyuzi mbili zimekubaliana. Mpwito ukizidi mbio hauhesabiki tena, hugeuka kuwa mkwaruzo, na mkwaruzo huo ndio watu huuita sauti kutopatana. Mjerumani Helmholtz aliyafafanua haya katika kitabu chake cha mwaka 1863, na mpaka leo ufafanuzi wake umesimama, pamoja na mipaka yake: ala yenye sauti hafifu za juu, kama nai ipulizwayo taratibu, huficha mkwaruzo ambao kodiani ingeutangaza, na kodi ile ile iliyo tamu katikati ya kinanda huvuma vibaya ikishushwa chini kabisa.

Wayunani sitawakawilia, kwa kuwa habari zao zinajulikana: wao walizikubali oktava, sauti ya tano na sauti ya nne, na katika mapokeo yaliyonasibishwa na Fithaghora wakaijenga ngazi nzima kwa kurundika sauti za tano. Ngazi iliyojengwa hivyo huipata mi yake kwa hatua mbili kamili, kila hatua ikikata sehemu moja ya tisa ya uzi: kutoka 54 hadi 48, kutoka 48 hadi 42.67. Linganisha hiyo 42.67 na ile 43.2 ya kodi iliyotulia. Tofauti yake ni nusu sentimita tu, lakini mi hiyo hupwita na do zaidi ya mara kumi na mbili kwa sekunde, na kwa hiyo si ajabu kwamba maulamaa wa Ulaya, kwa karne nyingi, hawakuihesabu sauti ya tatu miongoni mwa sauti zilizopatana kwa ukamilifu.

Udi ulirithi hesabu hiyo, na vidole vikapewa makao yake. Uzi mtupu uliitwa mutlaki. Kidole cha shahada kikawekwa penye 48. Kidole cha pete penye 42.67, kidole cha mwisho penye 40.5, ambapo ni sauti ya nne. Vyote hivi havikuwa na mzozo. Mzozo ulikuwa wa kidole cha kati, wusta, ambacho kiliachiwa uwanja wa zaidi ya sentimita tano baina ya shahada na pete, wala hesabu ya kurundika haikukipa makao yaliyoridhisha kila sikio. Wako waliokiweka karibu na 45.6, wakapata sauti ya tatu yenye huzuni. Waajemi walikiweka katikati kabisa ya shahada na pete, yaani penye 45.33. Ndipo alipotokea Baghdadi, katika enzi za Harun ar-Rashid, mpiga udi Mansur aliyejulikana kwa jina la Zalzal, ambaye alikiweka kidole cha kati mahali ambapo nadharia ya Wayunani haikupajua.

Al-Farabi anatueleza mahali hapo kwa njia ambayo fundi yeyote mwenye rula anaweza kuifuata: pima katikati ya wusta ya Waajemi na kidole cha pete. Baina ya 45.33 na 42.67 katikati yake ni 44 barabara, na hapo sehemu iliyobaki ya uzi ni 22 katika 27. Sauti itokayo hapo si mi ya furaha wala si ile ya huzuni. Imekaa kati yao, nayo ndiyo mpaka leo inayoipa maqamu ya Rasti ladha yake. Ukiipiga pamoja na uzi mtupu utasikia mkwaruzo wa mara kumi na nane kwa sekunde, maana sauti yake ya nne ni takriban 982 ilhali inayosubiriwa ni 1000. Kwa mizani ya kodi, basi, Zalzal alikosea. Lakini Zalzal hakuwa akitafuta kodi. Katika wimbo unaokwenda sauti baada ya sauti, sikio halizilazimishi sauti mbili ziangukiane kwa wakati mmoja. Hulikumbuka lililopita na kulingojea lijalo, na mi iliyo katikati huacha shauku ya kuteremka kwenye do ambayo mi ya kodi, kwa sababu ya utulivu wake, haina. Al-Farabi, aliyekuwa mwanafalsafa na mpigaji kwa pamoja, hakuikejeli sauti hii kwa kuwa haikulingana na Wayunani. Aliipima, akaiandika, akaiacha mahali ilipowekwa na wapigaji. Uaminifu huo kwa sikio naupenda kuliko nadharia zote zilizokuja baadaye.

Na hapa pana jambo ambalo sijui kwa nini halisemwi zaidi. Safiyuddin al-Urmawi, aliyehudumu katika ikulu ya khalifa wa mwisho wa Baghdadi, akaokoka maangamizi ya Wamongolia mwaka 1258 na kuishi hadi 1294, aliigawa oktava katika sehemu kumi na saba ndani ya kitabu chake cha Adwari. Yeye alitaka kila sauti ipatikane kwa kurundika sauti za nne peke yake, na kwa hiyo ile wusta ya Zalzal akaisogeza pahala pengine, ijapokuwa jina akaliacha lile lile. Katika uzi wetu mahali hapo ni 43.25, na mahali pa kodi iliyotulia ni 43.2, tofauti ni nusu milimita, na mpwito wake ni mmoja tu, au umezidi kidogo, kwa sekunde nzima. Mtu aliyekuwa na udi wa namna hiyo alikuwa na kodi safi kuliko ya piano yoyote ya leo, nayo imelala ndani ya ngazi iliyotengenezwa kwa ajili ya wimbo.

Ulaya nayo iliifikia sauti hiyo kwa njia ya waimbaji. Mtawa Mwingereza Walter Odington, karibu na mwaka 1300, alikwisha kuona kwamba waimbaji huilainisha sauti ya tatu hata ikaja kwenye uwiano wa tano kwa nne, na Zarlino wa Venisi akaihalalisha kwa hesabu mwaka 1558. Rameau wa Ufaransa, katika kitabu chake cha 1722, aliijengea kodi elimu nzima, na baadaye akazitumia zile sauti za juu za uzi kuwa ushahidi kwamba maumbile yenyewe ndiyo yaliyoiamrisha. Hoja yake siwezi kuipokea. Kodi ya huzuni, ambayo nusu ya muziki wa kwao imejengwa juu yake, haipatikani kwa njia hiyo nyepesi, naye alihangaika nayo miaka mingi. Fauka ya hayo, sauti kumi na mbili za tano hazifungi oktava saba, hupitiliza kidogo, na ili kuificha ziada hiyo piano ya leo imegawanywa hatua kumi na mbili zilizo sawa, mi yake ikaja penye 42.86, mahali ambapo hupwita karibu mara nane kwa sekunde. Waisemao kodi ni amri ya maumbile huipiga kwenye ala iliyoiasi amri hiyo. Na Wagogo wa Dodoma, ambao ngazi yao inafuata zile sauti za juu, ya nne, ya tano, ya sita na kuendelea, huimba kwa sauti zilizopatana bila ya kumhitaji Rameau.

Niliwahi kukaa katika mazoezi ya kikundi kimoja Mji Mkongwe, wimbo ukiwa wa Rasti, na kodiani ikapewa kujaza nyuma ya fidla. Mpigaji, kijana hodari, alibonyeza kwa mkono wa kushoto kile kitufe kimoja kinachotoa sauti tatu kwa pamoja, na mara mwimbaji alipoifikia mi yake ya katikati, sauti mbili zikakaa ubavu kwa ubavu zikikwaruzana, na mzee wa ganuni akainua mikono kutoka kwenye nyuzi.

"Mwanangu, hiyo mi yako imefungwa," akamwambia, "na yetu iko chini yake. Wala si kosa lako."

"Basi ninyamaze, mzee?"

"Usinyamaze. Do na so tunazo sote. Hiyo ya katikati mwachie anayeimba."

Kijana akauacha mkono wa kushoto, akazishika do na so kwa mkono wa kulia, vidole viwili vikiwa vimeachana na vitufe vya baina yao vimeachwa wazi, na mwimbaji akarudi mwanzo wa ubeti.