Salongo kwa Kiingereza: Kutafsiri Maelezo ya Bajeti kutoka Masereka

Wafasiri wengi hushikilia kwamba hesabu si kazi yao: maneno ni ya mfasiri, tarakimu ni za mhasibu. Makala haya yanaupinga mgawanyo huo. Katika muhtasari wa ombi la ufadhili, tarakimu hubeba maana sawa na kitenzi, na anayeinakili bila kuielewa hajatafsiri.

Kwamba tafsiri huongozwa na kusudi lake, kama alivyodai Hans Vermeer tangu 1978, sina haja ya kulirudia. Ubishi wangu ni na wale wanaolitumia dai hilo kumruhusu mfasiri alipambe ombi ili limpendeze mfadhili. Christiane Nord aliweka sharti la uaminifu kwa watu wanaohusika, mwandishi wa matini chanzi akiwamo. Sharti hilo ndilo linalopimwa hapa.

Masereka iko katika nyanda za juu za Lubero, Kivu Kaskazini. Nyumbani watu husema Kinande, na Kifaransa ni lugha ya ofisi. Kwa hiyo ombi lililoandikwa kwa Kiswahili huko tayari limebeba lugha tatu. Chukua mfano huu niliouunda, wa kamati inayotaka kujengea chemchemi: “Wanainchi tutafanya salongo. Musaada ni ya kuuza simenti, na transporti, na motisha ya bafundi: dola 1.840.”

Mfasiri aliyesomea Dar es Salaam au Nairobi ataona kamati inataka kuuza saruji. Katika Kiswahili cha Kongo, kuuza ni kununua. Anayeuza bidhaa husemwa anauzisha. Kisha kuna nukta. Hapa nukta hiyo inatenga maelfu, lakini msomaji wa Kiingereza ataisoma kuwa dola moja na senti 84. Kosa hili hujulikana mara moja ukijumlisha vifungu, na ndiyo sababu ya kwanza ya mfasiri kujumlisha.

Lakini hapa hakuna cha kujumlisha, kwa kuwa kiasi ni kimoja kwa mambo matatu. Mfasiri hana ruhusa ya kukigawa kwa kubuni. Anapaswa kuirudia kamati na kuuliza: mifuko mingapi, safari ngapi, mafundi wangapi, kwa siku ngapi? Tuseme majibu ni haya: mifuko 40 kwa dola 14, yaani 560, safari mbili za gari kutoka Butembo kwa dola 120, yaani 240, mafundi wawili kwa siku 26, kila mmoja dola 20 kwa siku, yaani 1,040. Jumla ni 1,840. Sasa kila kifungu kinaweza kuandikwa kwa Kiingereza kama sentensi yenye kitu, idadi, bei na sababu. Majibu hayo pia yanaonyesha kwamba “motisha” hapa ni ujira wa kazi. Neno hilo likitafsiriwa kuwa kivutio, mfadhili atadhani ni nyongeza juu ya mshahara, malipo ambayo wafadhili wengi huyakataa.

Salongo, kazi ya mikono inayofanywa na wakazi kwa pamoja, ndiyo ngumu zaidi kutafsiri. Ikitafsiriwa kuwa “jamii itasaidia”, mchango mkubwa kuliko saruji yote hutoweka. Watu 30 wakibeba mawe na mchanga kwa Jumamosi nane, na kibarua wa hapo akilipwa dola tatu kwa siku, thamani yake ni dola 720. Gharama kamili ya mradi inakuwa 2,560, na jamii inachangia asilimia 28. Kiasi hicho huwekwa katika safu yake, mbali na fedha zinazoombwa. Kanuni ya serikali ya Marekani 2 CFR 200.306 inakubali kazi ya kujitolea ihesabiwe, mradi iwe ya lazima kwa mradi, ithaminiwe kwa kiwango cha kazi ya namna hiyo na iwe na kumbukumbu. Basi orodha ya mahudhurio ya kila Jumamosi nayo itajwe katika maelezo.

Wapo watakaopinga kwamba salongo si kujitolea, kwa kuwa chini ya Mobutu ilikuwa kazi ya amri. Pingamizi hilo lina uzito. Jibu lake haliko katika kamusi: iulizwe kamati kama asiyefika hutozwa faini. Akitozwa, neno la kujitolea lisitumike. Iandikwe kazi ya pamoja ya jamii, na utaratibu wake uelezwe, hata kama mfadhili atakataa kuihesabu.

Najua mfasiri hulipwa kwa idadi ya maneno, na maswali hayo hayalipwi. Hata hivyo, tafsiri ya bajeti isiyosomewa kamati tena kwa Kiswahili, kifungu kwa kifungu, kabla ya kutumwa, haijakamilika.