Kanuni ya Darasani na Marobota ya Bunda: Uzalishaji Unapozidi Mauzo, Faida Hutofautiana kwa Sababu Gani?

Wanafunzi wa uhasibu hapa Nyakato, Musoma, hufika kwenye mtihani wakiwa wameshika kanuni moja kwa moyo: uzalishaji ukizidi mauzo, faida kwa njia ya gharama kamili huwa kubwa kuliko faida kwa njia ya gharama badilifu. Kanuni hiyo hutolewa kana kwamba haina sharti. Hoja yangu ni kwamba ina sharti, na sharti hilo huvunjika katika viwanda vya kuchambua pamba, ambavyo ndivyo vilivyo karibu nasi zaidi. Hesabu ya idadi ya marobota haitoshi. Kinachoamua ni kiasi cha gharama za kudumu za uzalishaji kilichomo ghalani mwanzoni na mwishoni mwa mwaka.

Msingi wenyewe hauna ubishi. Katika njia zote mbili, pamba mbegu, umeme wa mashine, ujira wa vibarua na vifaa vya kufungia marobota huhesabiwa kuwa gharama ya robota. Tofauti iko kwenye gharama za kudumu za kiwandani, kama uchakavu wa mashine, bima ya majengo na mishahara ya mafundi wa kudumu. Njia ya gharama badilifu huzitoa zote kwenye mapato ya mwaka zilipotokea. Njia ya gharama kamili huzigawa kwa kila robota, na robota lisipouzwa, sehemu yake hubaki kwenye mizania kama mali mpaka litakapouzwa. Mwaka 1936 Jonathan Harris, akiandika Marekani, aliuliza swali lililowasha mjadala huu: inakuwaje mauzo yapande na faida ishuke? Jibu lake lilikuwa hilohilo la gharama zinazoingia na kutoka ghalani. Tangu hapo wengi wamelichukua jibu na kuliacha sharti lake.

Tuchukue kiwanda cha mfano huko Bunda, chenye tarakimu nilizozichagua ili hesabu ionekane wazi. Robota moja linauzwa shilingi 850,000. Gharama badilifu, baada ya kupunguza thamani ya mbegu zinazouzwa, ni shilingi 650,000. Kwa hiyo kila robota linalouzwa linachangia shilingi 200,000. Gharama za kudumu za uzalishaji ni shilingi milioni 600 kwa mwaka, pamba iwe nyingi au haba. Gharama za utawala tuziweke kando, kwa kuwa njia zote mbili huzitendea sawa.

Mwaka wa kwanza kiwanda kinaanza bila akiba, kinazalisha marobota 6,000 na kuuza 5,000. Kwa njia ya gharama badilifu, mchango ni shilingi milioni 1,000. Ukitoa milioni 600, faida ni milioni 400. Kwa njia ya gharama kamili, kila robota linabeba shilingi 100,000 za gharama za kudumu. Marobota 1,000 yaliyobaki ghalani yanashikilia milioni 100, hivyo mwaka unatozwa milioni 500 tu na faida inakuwa milioni 500. Kanuni ya darasani imetimia. Lakini angalia kwamba hakuna shilingi hata moja iliyoongezeka kwenye akaunti ya benki: milioni 100 hizo zimelipwa tayari, ila zimesubirishwa.

Mwaka wa pili mvua ni nzuri. Kiwanda kinazalisha marobota 12,000 na kuuza 11,500. Uzalishaji umezidi mauzo tena, na akiba imepanda kutoka marobota 1,000 hadi 1,500. Kwa kanuni ya darasani, njia ya gharama kamili inapaswa kutoa faida kubwa zaidi. Tukokotoe. Mchango ni milioni 2,300, na kwa njia ya gharama badilifu faida ni milioni 1,700. Kwa njia ya gharama kamili, milioni 600 zilezile sasa zinagawanywa kwa marobota 12,000, shilingi 50,000 kwa kila moja. Yaliyotangulia kuingia yakitangulia kutoka, mauzo yanabeba milioni 100 za mwaka jana pamoja na milioni 525 za marobota 10,500 ya mwaka huu, jumla milioni 625. Faida ni milioni 1,675. Imekuwa pungufu kwa milioni 25.

Sababu haijifichi. Akiba ya mwanzo ilikuwa ndogo kwa idadi lakini ilibeba milioni 100. Akiba ya mwisho ni kubwa kwa idadi lakini inabeba milioni 75. Ghala limejaa marobota na limepungukiwa gharama za kudumu. Anayetumia wastani wa uzito badala ya mpangilio wa kuingia na kutoka hatapona: akiba ya mwisho itabeba takriban milioni 80.8, na faida bado itakuwa pungufu, safari hii kwa karibu milioni 19.2.

Nimeambiwa kwamba mfano huu ni wa kulazimisha, kwa sababu hakuna kiwanda kinachozalisha mara mbili ya mwaka uliopita. Kwa kiwanda cha saruji pingamizi hilo lina uzito, na sidai kwamba tofauti hii itaonekana kila mahali. Kwa pamba halina uzito. Uzalishaji wa pamba nchini ulikaribia tani 350,000 msimu wa 2019/20, kisha ukashuka hadi takriban tani 120,000 msimu uliofuata. Kiwanda cha kuchambua hakiwezi kukwepa mtikisiko wa namna hiyo, kwa kuwa hakichambui ila kile kilicholetwa na wakulima.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba kanuni hushika pale kiwango cha gharama za kudumu kwa robota kinapowekwa mapema na kutobadilika. Ni kweli, na hilo ndilo sharti ninalolidai liandikwe. Lakini Tanzania inafuata viwango vya kimataifa tangu Julai 2004, na Kiwango cha Kimataifa cha Uhasibu namba 2 hakiruhusu kiwango kisichobadilika kwa pande zote. Kinataka gharama za kudumu zigawanywe kwa uwezo wa kawaida wa uzalishaji. Msimu ukiwa mbaya, sehemu isiyopata robota hutozwa mwaka huohuo. Msimu ukiwa mzuri kupita kawaida, kiwango kwa robota hupunguzwa ili akiba isithaminiwe zaidi ya gharama yake halisi.

Tuseme uwezo wa kawaida wa kiwanda chetu ni marobota 8,000, yaani shilingi 75,000 kwa robota. Mwaka wa kwanza akiba ya marobota 1,000 inabeba milioni 75, na milioni 150 zilizokosa marobota zinatozwa papo hapo. Faida ni milioni 475. Mwaka wa pili, kiwango cha 75,000 kikitumika kwa marobota 12,000 kingegawa milioni 900 wakati zilizotumika ni milioni 600, kwa hiyo lazima kishuke hadi 50,000. Akiba ya mwisho ya marobota 1,500 inabeba milioni 75, sawasawa na ya mwanzo. Faida kwa njia ya gharama kamili ni milioni 1,700, ileile ya gharama badilifu. Uzalishaji umezidi mauzo kwa marobota 500 na tofauti ni sifuri.

Kwa viwanda vinavyofunga hesabu tarehe 30 Juni jambo hili ni la fedha hasa. Ununuzi wa pamba Kanda ya Ziwa kwa kawaida hufunguliwa Mei, hivyo hesabu hufungwa wakati akiba inapanda. Meneja anayelipwa bonasi kwa faida iliyotangazwa, au benki inayopima mkopo kwa faida hiyo, isitazame idadi ya marobota. Itake taarifa ya gharama za kudumu zilizomo kwenye akiba ya mwanzo na ya mwisho, pamoja na kiwango kilichotumika kila mwaka. Tofauti ya tarakimu hizo mbili za akiba ndiyo tofauti ya faida, bila kubakiza kitu.

Kwa walimu wenzangu na kwa watunzi wa mitihani ya Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu, ombi langu ni moja: swali linalotoa uzalishaji na mauzo peke yake lisikubali jibu la njia ipi ina faida kubwa, mpaka mwanafunzi ataje kiwango cha gharama za kudumu cha mwanzo na cha mwisho.