Ukurasa wa kutuma USDT: usome hivi kama Kiingereza kinakupiga chenga

Wiki iliyopita mjomba wangu pale Makambako, ana duka la vipuri vya bodaboda, alinitumia picha ya simu yake kwa Watsapu. Alikuwa anamlipa wakala wake wa China USDT 150, kabakiza kubonyeza `Confirm`. Akaniuliza, "Haya maandishi mekundu yanasema nini, mpwa?" Mimi niko Njombe, kilometa kama 60 kutoka kwake, siwezi kukimbia kila akikwama. Nikaona bora niandike mara moja, na nyie mfaidi.

Tuanze na tofauti moja kubwa. Ukituma M-Pesa, kabla ya namba ya siri unaona jina la mtu. Ukiona jina geni unaghairi, na hata ukikosea unapiga simu huduma kwa wateja. Kwenye pochi ya kripto hakuna jina. Kuna herufi na namba tu, na muamala ukishathibitishwa haurudi. Kwa hiyo huo ukurasa ndiyo nafasi yako ya mwisho.

Kwenye pochi yako mwenyewe kitufe kinaitwa `Send`. Kwenye kampuni za kubadilisha kripto kinaitwa `Withdraw`. Ndani utakuta `Address`, yaani anwani ya anayepokea, `Network`, yaani mtandao, na `Amount`, yaani kiasi. Chini kuna `Network fee`, ambayo ni ada. Hapo kwenye mtandao ndipo watu wanapotea, maana sisi tukisikia mtandao tunawaza Voda na Airtel. Hapa maana yake ni barabara ambayo USDT inapita. USDT ni ile ile kwa jina, ila ya Tron na ya Ethereum ni vitu viwili tofauti, kila moja iko kwenye daftari lake.

Uzuri ni kwamba alama za barabara hizi hazibadiliki, hata simu ikiwa ya Kichina. `TRC20` ni Tron. `ERC20` ni Ethereum. `BEP20` ni BNB Smart Chain. Na anwani yenyewe inajitaja. Ya Tron inaanza na `T` na ina herufi 34. Ya Ethereum inaanza na `0x` na ina herufi 42. Ukiweka anwani ya `T` halafu ukachagua `ERC20`, pochi inagoma na kuandika `Invalid address`, yaani anwani hii si sahihi. Hapo hujapoteza kitu. Rekebisha tu.

Hatari iko pale ambapo pochi haigomi. BNB Smart Chain nayo inatumia anwani za `0x`, sawasawa na Ethereum. Kwa hiyo anwani moja inakubalika barabara zote mbili, na simu haina cha kukukataza.

Hili lilinikuta mwenyewe mwaka 2023. Nilichora nembo, mteja akataka kunilipa USDT 40. Nikanakili anwani ya `0x` kutoka kwenye akaunti yangu ya kampuni fulani, nikamtumia. Juu ya ile anwani iliandikwa `ERC20`, mimi sikuisema. Mteja akachagua `BEP20` kwa sababu ada yake ndogo. Kwake ikaandika imefanikiwa, kwangu sifuri. Tukaanza kugombana, ananiona tapeli, namuona tapeli. Baadaye nikaweka ile anwani kwenye bscscan.com, ambako kila mtu anaweza kutazama daftari la BNB Smart Chain, nikaikuta hela yangu imekaa pale pale. Ila funguo za ile anwani ni za kampuni, si zangu. Waliniambia kuitoa kuna ada, na ada ilizidi hizo 40. Nikaacha.

Ingekuwa pochi yangu mwenyewe, ile yenye maneno 12 ya siri, nisingepoteza hata senti. Ningefungua upande wa BNB Smart Chain ndani ya pochi ile ile na kuikuta. Ndiyo maana anayepokea lazima akutajie vitu viwili kwa pamoja: anwani na mtandao. Akikutajia kimoja, muulize cha pili kabla ya kutuma.

Sasa turudi Makambako. Yale maandishi mekundu ya mjomba yalikuwa mepesi: `Insufficient TRX`. Yeye alidhani USDT zake hazitoshi. Hapana. Kwenye Tron, pochi nyingi zinalipa ada kwa sarafu nyingine inayoitwa TRX, na yeye alikuwa nayo kidogo mno. Ananunua TRX kidogo, onyo linaondoka. Kama onyo lingemtaja `USDT`, ndiyo salio la kutuma lingekuwa limepungua.

Lakini kwenye picha ile niliona kitu kibaya zaidi ambacho hakikuwa na maandishi mekundu. Nikamuuliza anwani ameitoa wapi. Akasema kwenye historia, kwa sababu alishamlipa huyo wakala wiki tatu kabla. Akabonyeza ya juu kabisa, `TX4k...9mQz`, akaikumbuka. Nikamwambia afungue anwani yote, si ile iliyokatwa katikati kwa nukta. Ya wakala na hii zilifanana herufi nne za mwanzo na nne za mwisho. Katikati ni mtu mwingine kabisa.

Hao ni matapeli. Wana programu zinazotengeneza anwani nyingi sana mpaka ipatikane inayofanana na ya mtu unayemlipa. Halafu wanaiingiza kwenye historia yako. Wanaweza hata kufanya ionekane wewe ndiye uliyetuma USDT 0 kwenda kwao, maana programu ya USDT haidai ruhusa yako kuhamisha sifuri. Wakishaweka chambo wanasubiri unakili. Mei 2024 mtu mmoja alinaswa hivyo hivyo kwa kripto yenye thamani ya kama dola milioni 68. Yeye alibahatika, nyingi zilirudishwa baada ya mazungumzo. Mwenye duka la vipuri hana ubavu huo.

Kwa hiyo muamala wa 0 au wa senti chache usioufahamu ukionekana kwenye historia, usiuguse. Anwani ichukue kwa mtu mwenyewe, na ulinganishe herufi za katikati pia. Kama unamlipa mara kwa mara, ihifadhi kwenye kitabu cha anwani cha pochi, mara nyingi kimeandikwa `Address Book`.

Wengi husema tuma kidogo kwanza ujaribu. Ni sawa, ila sikilizeni: neno `Success` au `Completed` linasema tu kwamba hela imefika kwenye ile anwani. Halisemi anwani ni ya nani. Hata kwa tapeli itaandika `Success`. Jaribio linakamilika pale wakala anapokujibu mwenyewe kwamba ameona USDT 5 kwenye akaunti yake. Mjomba alifanya hivyo, akasubiri jibu, ndipo akatuma 145 zilizobaki. Zimefika.

Na msitegemee benki. Benki Kuu ilishatangaza Novemba 2019 kwamba sarafu hizi hazitambuliki kama fedha halali nchini. Ukikosea herufi, hakuna dirisha la kwenda kulalamika.

Aliyekutana na onyo ambalo sijalitaja aliandike hapo chini kwenye maoni, herufi kwa herufi kama linavyosomeka. Tutalitafsiri pamoja. Ila maneno yenu 12 ya siri msimwandikie mtu yeyote, hata mimi.

Nawasilisha.